Buti au raba nyepesi: njia ya Machame, Kilimanjaro

Siku ya kwanza, msituni, raba nyepesi zinashinda. Njia ina matope, na raba iliyolowa hukauka upesi kuliko buti la ngozi, ambalo huweza kuamka bado bichi. Mguu nao hauchoki haraka, maana kila hatua unainua uzito mdogo.

Usiku wa kilele mambo hugeuka. Kutoka kambi ya Barafu, mita 4,673, unapanda hadi Uhuru, mita 5,895, kwenye baridi inayogandisha maji chupani. Raba ya kitambaa cha wavu hupitisha upepo, vidole vikafa ganzi. Kisha, siku hiyohiyo, unashuka hadi kambi ya Mweka, karibu mita 3,100. Kwenye changarawe inayoporomoka, raba hujaa vijiwe, na kifundo kilichochoka hupinduka kirahisi.

Ila shingo ndefu ya buti haisaidii ikifungwa ovyo. Kabla ya kushuka, kaza kamba pale mguu unapokunjika ili kisigino kisicheze. Dukani, jaribu ukiwa na soksi nene, usimame kwenye mteremko. Vidole vikigusa mbele, chukua saizi kubwa zaidi, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi ukifika Mweka.

Mimi navaa buti, tena nililolizoea kwa wiki kadhaa nyumbani. Raba ni za kambini.