Uzoefu wangu na huduma ya kulinganisha matangazo: watu 600 hawakutosha

Kwa muda wa miezi mitano nimekuwa nikitumia huduma ya majaribio ya A/B iliyomo ndani ya mtandao wa kijamii tunakotangazia duka letu la leso, katika Mtaa wa Biashara hapa Mombasa. Huduma yenyewe haina malipo ya ziada. Unacholipia ni matangazo tu. Unaipa matangazo mawili, nayo inawagawa watu kwa bahati nasibu katika makundi mawili, ili aliyeonyeshwa la kwanza asionyeshwe la pili. Kazi hiyo ya kugawa inaifanya vizuri, na ni bora kuliko kuyaachilia matangazo mawili yaende pamoja katika kampeni moja, kwa sababu hapo mfumo huanza mapema kulipendelea moja na kulipeleka kwa watu wa aina tofauti. Kasoro niliyoiona ni kwamba huduma hii ina haraka ya kumtangaza mshindi, nami niliiamini kabla ya kujifunza kuhesabu.

Jaribio la kwanza lilikuwa la picha. Tangazo moja lilionyesha leso iliyokunjwa juu ya meza, jina lake likisomeka vizuri chini ya mji, ule mchoro wa katikati. La pili lilionyesha mwanamke aliyejifunga leso ileile. Baada ya siku tatu kila tangazo lilikuwa limewafikia watu 600. La kwanza lilipata watu 12 waliobofya kitufe cha kututumia ujumbe, la pili likapata 18. Kwenye skrini, picha ya mwanamke ilikuwa imewekewa alama ya mshindi, na kando yake imeandikwa asilimia 86, kama kipimo cha uhakika kwamba ndiyo bora. Nilimwonyesha mama, ambaye ndiye mwenye duka, naye akasema, “Basi mwanangu, si limeshinda hilo? Pesa weka huko.” Tukaliwekea Sh 9,000 kwa mwezi mzima. Mwezi ulipokwisha nilihesabu, nikakuta katika kila watu 100 walioliona, waliobofya walikuwa wawili, sawasawa na ilivyokuwa kabla ya jaribio.

Ili nijue kosa liko wapi, nilipakia tangazo moja mara mbili, picha ileile na maneno yaleyale, nikaiambia huduma iyalinganishe kana kwamba ni mawili. Watu wakawa 600 kwa kila upande, kama mara ya kwanza. Upande mmoja ukapata 11, wa pili ukapata 17. Tangazo lilikuwa limelishinda lenyewe, na kwa pengo lilelile la watu sita. Namshauri kila anayeanza kazi hii afanye jaribio la namna hiyo angalau mara moja, kwa maana hakuna maelezo yatakayomwonyesha waziwazi zaidi jinsi bahati inavyoyumbisha hesabu ndogo. Ukitarajia wabofyaji 12, kuyumba kwa kawaida ni karibu kipeuo cha pili cha 12, yaani watu watatu au wanne juu au chini, na hilo hutokea kwa pande zote mbili. Nilipokokotoa, niliona kwamba hata kama picha zangu mbili zingekuwa na nguvu sawa kabisa, tofauti ya watu sita au zaidi, kwa upande wowote, ingejitokeza karibu mara 27 katika kila majaribio 100.

Tangu hapo sianzi jaribio kabla ya kukadiria ukubwa wa sampuli. Kanuni ninayoitumia ni fupi, na simu yoyote inaweza kuikokotoa:

```
n = 16 × p × (1 − p) / d²
```

Hapa n ni idadi ya watu kwa kila tangazo, p ni wastani wa viwango viwili vya wabofyaji unavyovitarajia, na d ni tofauti ndogo kabisa ambayo ingekufaa kuijua. Kiwango chetu ni asilimia 2. Niliamua kwamba ongezeko lisilokifikisha kiwango hicho asilimia 2.6 halitustahilii gharama ya kupiga picha upya, kwa hivyo p ikawa 0.023 na d ikawa 0.006. Jibu ni takriban watu 10,000 kwa kila tangazo. Kwa idadi hiyo, kama ongezeko hilo lipo kweli, utaligundua karibu mara 80 katika 100. Na kama halipo, utadanganyika mara 5 hivi katika 100. Angalia kwamba d imepandishwa kwenye kipeo cha pili: ukitaka kuona tofauti iliyo nusu ya hiyo, watu wanaohitajika huwa mara nne.

Nikarudia jaribio la picha kwa watu 20,000, lililogharimu Sh 6,000 na kuchukua wiki mbili kamili. Nilichagua wiki kamili kwa sababu wanunuzi wetu wa Ijumaa na wa Jumapili si wamoja. Nilikwepa pia siku za kuelekea Idd. Makundi yote mawili hupatwa na Idd kwa pamoja, kwa hivyo ulinganisho wenyewe hauharibiki, lakini jibu utakalolipata ni la wanunuzi wa Idd. Nilizima pia mpangilio unaosimamisha jaribio mara tu mshindi anapopatikana. Mtu akichungulia kila siku na kusimama siku ya kwanza anayoona tofauti ya kuridhisha, zile mara 5 za kudanganyika huongezeka sana, maana amejipa nafasi nyingi za kukutwa na bahati.

Matokeo yalikuwa 204 kwa leso iliyokunjwa na 221 kwa mwanamke aliyejifunga. Tofauti kati ya viwango viwili ni asilimia 0.17, na ukihesabu kosa la sampuli, yaani kule kuyumba kwa bahati, ukweli unaweza kuwa popote kati ya kupungua kwa 0.23 na kuongezeka kwa 0.57. Faida ya 0.6 niliyoitafuta imebaki nje ya mipaka hiyo. Mama hakufurahi, lakini tulikuwa tumepata jibu: tusitumie pesa tena katika picha.

Jaribio lililofuata lilihusu bei. Tangazo moja liliandikwa bei ya doti, jingine likaachwa kama lilivyokuwa, likimwambia mtu aulize. Katika 10,000 kwa 10,000, lisilo na bei lilipata 203, lenye bei likapata 268. Ongezeko ni asilimia 0.65, na mipaka yake ni kuanzia 0.23 hadi 1.07, kwa hivyo hata makisio ya chini yako juu ya sifuri. Hata hivyo simwambii mtu kwamba tumepata 0.65 kamili, kwa sababu huenda faida halisi ni theluthi tu ya hiyo.

Kuna swali moja ambalo huduma hii haiwezi kutujibia. Kubofya si kununua. Wanaonunua kweli ni kama 20 katika kila watu 10,000 wanaoliona tangazo, mara kumi pungufu ya wabofyaji, na kanuni ileile inadai takriban watu 100,000 kwa kila tangazo ili kuona wanunuzi hao wakipanda kutoka 20 hadi 26. Kaunti nzima ya Mombasa ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya 2019, watoto na wasiotumia mitandao wakiwemo, na kwa bei tunayolipa jaribio hilo lingekula Sh 60,000. Kwa hivyo mauzo tunayaandika daftarini kwa mkono, tukimwuliza kila mnunuzi ni tangazo lipi lililomleta, na namba hizo nimezitenga; bado sijazifanyia uamuzi wowote.