Krita kwa kuchora vidoadoa vya uso: uzoefu wangu na potreti ya bi harusi

Naandika hii kwa wale wanaochora sura za watu kwa kompyuta, hasa kama umepewa kazi ya mtu mwenye vidoadoa puani na mashavuni na hujui uanzie wapi. Mimi natumia Krita, programu ya bure kabisa, unaishusha krita.org na hakuna wa kukudai leseni, na kwa hii kazi moja imeniridhisha sana, ingawa ina mahali inasumbua na nitasema.

Kazi yenyewe ilikuwa ya familia moja ya Kibokoni. Walitaka potreti ya A3 ya bi harusi lakini picha zote walizokuwa nazo zimepigwa kwa simu yenye ile filta ya urembo inayolainisha ngozi, na binti ana vidoadoa tangu utotoni, filta imevifuta vyote. Mamake akanambia, "Mwanangu, huyu ni mzuri lakini si wangu, wangu ana madoa yake." Nikaomba picha za zamani, ikapatikana moja ya skuli, si kali lakini inaonyesha vimekaa wapi: vingi juu ya mfupa wa pua na juu ya mashavu, vinapungua kuelekea masikioni, na chini ya pua na kwenye mashimo ya macho karibu hakuna. Ina sababu hiyo. Vidoadoa hivi ni melanini inayozidi pale jua linapopiga, sasa sehemu zilizotokeza ndizo zinazopata zaidi.

Kabla hujagusa brashi piga hesabu ya saizi, manake hapa ndipo watu wengi wanaharibu, wanachora madoa makubwa kama ya chui. Turubai yangu ilikuwa pikseli 2970 kwa 4200, yaani A3 yenye pikseli 10 kwa kila milimita, na uso wake ulikuwa na upana wa pikseli kama 1400, kwa hivyo kwenye karatasi unatoka saizi ya uso halisi, sentimita 14 hivi. Kidoadoa cha kawaida ni milimita 1 au 2, basi ni pikseli 10 mpaka 20, na vile vikubwa vichache vinafika 30. Ukishajua hivyo hubahatishi tena.

Brashi nikaitengeneza mwenyewe. Unabonyeza F5, unachukua brashi ya duara yenye ukingo laini kiasi, kisha kwenye Size unawasha Fuzzy Dab ili kila tone litoke na ukubwa wake, unaongeza Spacing ili matone yaachane na unawasha Scatter yatawanyike pembeni. Hii ni tamu sana, dakika moja shavu limejaa. Lakini usiiachie kazi yote! Scatter inatawanya kwa usawa na ngozi ya mtu haiko hivyo, kuna vinavyojikusanya vitatu vinne pamoja, halafu kuna nafasi tupu, halafu kimoja peke yake. Mimi huipitisha brashi mara moja tu, halafu nashika kifutio na kufungua zile nafasi kwa mkono.

Leya nilifanya tatu, zote ndani ya grupu moja nililoliwashia Pass Through, kila moja nimeiweka Multiply. Ya chini ina madoa mapana yaliyofifia, Opacity kama asilimia 25, karibu huyaoni, ila ukiizima leya hiyo ngozi inakufa palepale. Ya kati ndiyo yenye vidoadoa vyenyewe, asilimia 40 hivi. Ya juu ni vidogo vichache vyenye rangi iliyokolea, vingi kwenye pua, na hivi sivichori kwa Scatter hata kidogo, nakiweka kimoja kimoja. Rangi usichukue nyeusi wala kahawia ya kwenye boksi, chukua ya ngozi yake mwenyewe kisha ivute iwe nzito na nyekundu kidogo. Uzuri wa Multiply ni kwamba kidoadoa kilichoingia kwenye kivuli cha pua kinakuwa kizito chenyewe pamoja na kivuli.

Sasa umbo. Binti alikuwa amegeuka robo tatu, shavu la kushoto linaenda mbali nasi. Nilichora kwanza kwenye leya ya pembeni mistari inayozunguka shavu na kushuka ubavuni mwa pua, ya kuniongoza tu, nikaifuta baadaye. Kisha nikachora vidoadoa vya shavu hilo vikiwa bapa, kama namtazama mbele, ndio nikabonyeza Ctrl+T nikachagua Warp na kuvuta vile vipointi mpaka vidoadoa vikafuata mistari. Vya katikati ya shavu vikabaki duara, vya kuelekea ukingoni vikabanwa vikawa vyembamba na kusogeleana, na palepale shavu likajaa. Ubavu wa pua ni mwembamba zaidi, pale vinakuwa kama vijistari vifupi. Ukiona uso umefunikwa na kitu kama nailoni yenye nukta, ujue vya ukingoni umeviacha duara.

Warp lakini inafifisha vitu vidogo, ukivuta mara mbili tatu vile vya pikseli 10 vinayeyuka. Ndiyo maana leya ya chini na ya kati nazivuta kwanza, mara moja tu, na ile ya juu naichora baada ya kuvuta, moja kwa moja juu ya umbo. Na kwa laptop yangu yenye RAM ya GB 8 Warp ikiwa kwenye turubai ya saizi hii inasota, unavuta pointi unangoja, unavuta unangoja. Hapo Krita inanikera kweli. Nimepunguza maumivu kwa kuzungusha selection kwenye shavu tu badala ya kuvuta leya nzima.

Jambo jingine ambalo nalipenda kupita yote: mng'ao wa ngozi uwe kwenye leya yake yenyewe, iliyo juu ya grupu zima la vidoadoa, si chini. Kidoadoa ni rangi tu ndani ya ngozi, hakijainuka, kwa hivyo mwanga wa ncha ya pua unapita juu yake kama kawaida. Mamake bi harusi mwenyewe ana vile vidude vyeusi vilivyoinuka karibu na macho, wengi wetu huku tunavyo kadiri umri unavyosonga, na vile ni kazi nyingine kabisa, vinahitaji kivuli chake na mng'ao wake kila kimoja. Uliza familia kabla, usichanganye.

Kuhakikisha, bonyeza M uso ugeuke kama kwenye kioo, vidoadoa vilivyopanga foleni utaviona sekunde hiyohiyo, halafu sogeza picha mbali mpaka iwe ndogo kama stempu. Kwa udogo huo usione nukta, uone tu joto fulani limepita kutoka shavu mpaka shavu.

Printi ya kwanza, duka moja huku mjini, ilitoka nzito na leya ya chini yote ikamezwa. Karatasi haiwaki kama skrini. Sasa nakata kipande cha shavu na pua tu, naprinti kwa saizi kamili kwa bei ndogo, nakipeleka nje kwenye mwanga wa jua, na kwa huyu binti ilibidi nipandishe leya ya chini kutoka 25 hadi 35 na ngozi yote niing'arishe kidogo ndipo A3 ikatoka sawa. Mamake alipoipokea akaweka kidole kwenye kile kikubwa kilicho chini ya jicho la kulia, "Na hiki umekiona!", kisha akaniuliza bei ya potreti ya mdogo wake.