Uzoefu wangu na Text to Columns kwa namba hasi zilizoandikwa ovyo

Text to Columns ya Excel wengi wanaijua kwa kugawanya majina tu, mimi naitumia zaidi kurekebisha ripoti za mfumo wa uhasibu unaoweka alama ya kutoa nyuma ya namba, na kwa kazi hiyo iko vizuri sana.

Shida ya hizi namba ni kwamba haziji na eror yoyote. Chukua safu yenye 4,800.00 halafu 1,250.00- halafu (300.00) halafu 950.00, na hizo mbili za katikati zimeingia kama maandishi. SUM inaziruka kimyakimya inakupa 5,750 wakati jibu ni 4,200. Dalili ni kwamba zimeegemea kushoto mwa seli, ukitaka uhakika weka ISNUMBER utaona FALSE. Na wale wa kufuta kialama kwa Ctrl+H jamani acheni, ukifuta tu deni linageuka kuwa pesa iliyoingia na jumla inaharibika kuliko mwanzo.

Ninavyofanya: nachagua safu moja (hazikubali mbili kwa pamoja), naenda Data, Text to Columns, nabonyeza Next mpaka hatua ya tatu, naacha General, halafu nafungua Advanced. Humo ndani kuna kiboksi cha Trailing minus for negative numbers, hakikisha kimetikiwa, kisha OK na Finish. Yenye alama nyuma inakuwa -1250 na ya mabano inakuwa -300 papo hapo. Hapohapo kwenye Advanced unachagua pia alama ya desimali na ya maelfu, maana ripoti nyingine zinaandika 1.250,00- na usipobadilisha hapo haisomi inavyotakiwa.

Ikigoma, mara nyingi kuna nafasi isiyoonekana nyuma ya namba, hasa data ikitoka kwenye ukurasa wa wavuti. Piga LEN, 1,250.00- inatakiwa iwe herufi 9, ukiona 10 basi kuna mgeni, kawaida ni CHAR(160) ambayo TRIM haiigusi.

Kinachoniudhi ni kwamba usipobadilisha Destination inaandika juu ya data yako ya mwanzo, na ripoti mpya ikija unaanza upya. Kwa ripoti ya kila wiki bora fomula kwenye safu ya pembeni:

```
=IF(RIGHT(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),""))="-",
 -SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),""),"-",""),
 VALUE(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),"")))
```

Mabano hayahitaji kushughulikiwa kivyake hapo, VALUE yenyewe inayasoma kama hasi, ni alama ya nyuma tu ndiyo inayoishinda. Nafasi ya kawaida ikibaki mwishoni ongeza TRIM. Kwa faili la mara moja narudi kwenye Text to Columns, fomula ndefu hivyo ya nini.