Grafu ya watazamaji imenionyesha sekunde 31 nilizozipoteza

Tazameni mstari huu wa buluu hapa kwenye kioo cha kompyuta yangu. Unaanzia juu kabisa, kwenye asilimia 100, na kabla sekunde ya 31 haijafika umeshashuka hadi asilimia 49, maana yake ni kwamba nusu ya watu waliofungua video yangu ya mkate wa kumimina waliondoka bila kuuona hata mchele ukioshwa. Video ile nilihangaika nayo siku mbili, na niliumia sana nilipoliona jambo hili.

Karibuni nyumbani kwangu Ngamiani, Tanga. Leo sipiki. Ninaichambua grafu ya kubaki kwa watazamaji iliyomo ndani ya YouTube Studio, kwenye takwimu za kila video, kwa sababu nimeitumia kwa miezi kadhaa na ninaamini kwamba wengi wetu tunaofundisha mapishi tunaifungua, tunausoma wastani wa muda wa kutazama, halafu tunaifunga. Ni ya bure. Gharama yake ni bando tu. Namna ya kufungua akaunti na kupakia video sitaieleza, kwa kuwa mnaijua.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni hiki hapa. Ninapousogeza mshale juu ya mstari na kubofya, video inahamia kwenye sekunde ileile, hivyo ninasikia neno lenyewe lililomfukuza mtu. Twende pamoja taratibu. Kutoka 0:00 hadi 0:09 ni jina la chaneli yangu likizunguka kwa muziki wa taarabu, na mstari umeshuka kutoka 100 hadi 88. Mteremko kidogo mwanzoni ni wa kawaida, kwa maana wapo wanaofungua kwa bahati mbaya na wapo wanaotambua mara moja kwamba hawakutafuta kitu hicho. Sasa nabofya 0:09. Mnanisikia ninasalimia, ninashukuru, ninaomba watu wajiunge na chaneli na wabonyeze kengele. Hapo mstari unakatika kama ukingo wa mto, na kufika 0:24 umebaki kwenye 58. Kisha ninaanza kusimulia jinsi bibi alivyokuwa akitupikia mkate huu wakati wa Ramadhani, na 0:31, ninaposema "haya, tuanze", tumebaki na 49.

Angalieni kinachofuata. Kutoka 0:31 hadi dakika ya nne mstari umelala karibu sawasawa, kutoka 49 hadi 42. Waliovumilia salamu zangu walikaa. Laiti ningeusoma wastani peke yake, ningedhani mapishi yanachosha na ningeanza kuyafupisha maelezo ya hamira, ambayo ndiyo watu waliyoyafuata.

Jambo moja limeniudhi katika chombo hiki, nalo nataka mlielewe vizuri. Nyuma ya mstari kuna kivuli cha kijivu kinachoonyesha kiwango cha kawaida cha chaneli yako, kikipimwa kwa video zako kumi za karibuni zenye urefu unaokaribiana. Mstari wangu ulikuwa ndani ya kivuli, kwa hiyo kwa muda mrefu nilijiona niko salama. Nilikuja kugundua kwamba video zote kumi zilianza kwa muziki uleule na salamu zilezile. Nilikuwa ninalinganisha kosa na kosa lenyewe. Kivuli hicho kinakwambia kama video hii imetofautiana na desturi yako, lakini hakikwambii kama desturi yako ni nzuri.

Kilichonifumbua macho ni kuwatenganisha watazamaji. Chini ya grafu unaweza kuchagua waliojiunga na wasiojiunga, na pia watazamaji wapya na wanaorudi. Kwenye 0:31, waliojiunga walikuwa wamebaki asilimia 68, na wasiojiunga 41. Wanaonijua hawachoshwi sana na salamu zangu, bali mgeni ametafuta kwa nini mkate wake unazama katikati, bando lake linakwenda, na mimi ninamwomba ajiunge kabla sijampa chochote.

Kuna na vilima. Mstari ukipanda, watu wamerudia sehemu hiyo au wameirukia. Mimi nina vilima viwili, nami nilikaribia kukosea kwa kuviona ni sawa. Cha kwanza kipo 2:46, pale ninapoinua upawa na uji wa mchele unateremka kama utepe bila kukatika. Hicho ni kilima cha kupendwa, watu walitaka kuona uzito wenyewe. Cha pili kipo 3:20. Nimebofya, nimesikiliza, nikagundua kwamba ninataja vikombe viwili na nusu vya tui huku blenda inanguruma, na neno "nusu" halisikiki kabisa. Watu walirudia kwa sababu hawakuelewa, na maoni chini ya video yalikuwa yakiuliza vikombe vingapi. Kwa hiyo usifurahie kilima kabla hujakisikiliza.

Nilirekebisha hivi. Video ya zamani niliikata kwenye kihariri cha humohumo Studio, nikaondoa yote yaliyokuwa kabla ya 0:31. Kiungo, idadi ya waliotazama na maoni vilibaki vilevile, ila kihariri hicho hakikuruhusu kuingiza picha mpya mwanzoni. Sikilizeni mahali pa mkato mara mbili kabla ya kuhifadhi, kwani mara ya kwanza nilikata katikati ya neno.

Video iliyofuata, ya vitumbua, niliijenga upya. Picha ya kwanza ni kitumbua kinachotoka kwenye chuma, ninakipasua mbele ya kamera, mnaona matundu yake ndani na vidole vyangu havijalowa mafuta. Hapo ninasema: "Vitumbua vyako vikinywa mafuta, huenda chuma hakijapata moto wa kutosha unapomimina." Kwenye 0:15 mchele uko ndani ya blenda, na salamu ninazitoa nikiwa ninasaga, kwa sentensi moja. Jina la chaneli linaonekana pembeni bila kusimamisha kazi, na ombi la kujiunga limehamia baada ya vitumbua vya kwanza kutoka. Kwenye 0:30 wamebaki asilimia 66.

Sidai kwamba mwanzo peke yake umeleta tofauti yote hiyo, kwa kuwa vitumbua si mkate wa kumimina na picha ya jalada nayo ilikuwa nyingine. Tena msiisome grafu siku ileile ya kupakia. Takwimu zake huchelewa siku moja au mbili, na video ikiwa na watazamaji 60 tu, watu sita wakiondoka mstari umeshuka asilimia kumi, jambo ambalo linaweza kuwa bahati tu.

Wapo mnaoniuliza kuhusu TikTok. Nayo ina mstari wa aina hii, lakini kwa pishi la dakika nane mimi hufanya kazi zaidi na huu wa YouTube, tena kwenye kompyuta, maana kwenye simu kidole kinafunika sekunde unayoitafuta. Ijumaa ninapakia mkate wa ajemi, na mwanzo wake nimeupiga picha mara mbili.

Sasa turudi kwenye grafu ya vitumbua kabla sijazima. Mwanzo umetulia, lakini hapa 1:12 mstari umeshuka ghafla kutoka 61 hadi 52. Nabofya. Nimesimama ninasubiri uji uumuke, ninaeleza bei ya nazi sokoni, na kwenye picha hakuna kinachotendeka kwa sekunde 20.