Nililipa elfu sitini kuandikiwa barua ya kazi, Kiswahili changu kikawekwa mkiani

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya printa yao, ambayo kwa kweli haijawahi kuniangusha.

Duka lenyewe silitaji. Liko katikati ya mji hapa Kampala, kwenye yale majengo ya ghorofa ambayo kila ngazi ina mtu wa pasipoti saizi na mtu wa kuuza kava za simu. Wamebandika karatasi mlangoni: wanaandika wasifu, barua za kazi, barua za viza. Nilikwenda msimu ule wa mvua kubwa, viatu vimejaa tope, kwa sababu nilikuwa nimeona tangazo la kampuni ya Uholanzi. Walitafuta mtu wa kuhudumia wateja kutoka nyumbani, kwa chati na barua pepe, wateja wenyewe wakiwa Kenya na Tanzania. Walitaka Kiingereza cha kuandika na Kiswahili cha kuandika, na mtu ambaye hapotei hewani.

Tangazo lile kama liliandikwa kwa jina langu. Mimi ni mtoto wa Busia. Nimefanya kazi miaka minne kwenye ofisi ya wakala wa forodha pale mpakani, siku nzima najibu madereva wa malori kwa Kiswahili na wenye mizigo kwa Kiingereza. Kilichonishinda ni ile barua tu. Nikaona heri nimlipe mtu anayejua.

Kijana wa pale akaniuliza lugha zangu. Nikamwambia Kisamia, Kiganda, Kiingereza, Kiswahili. Akacheka! Akasema, "Nyabo, hicho Kiswahili usikipandishe sana, watadhani wewe ni wa jeshini." Mwenzake aliyekuwa akifotokopi akaongezea, "Au mwizi." Wakacheka wote wawili. Aliyekulia Uganda anaujua utani huu, tumeusikia tangu shule: Kiswahili ni lugha ya askari na majambazi. Nami nikacheka kinafiki, kwa kuwa nilikuwa na haraka na pesa nilikuwa nimeshatuma kwa simu. Hadi leo kicheko changu kile ndicho kinachoniudhi kuliko chao. Katiba imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu 2005, halafu mimi nasimama dukani nakionea haya.

Barua ikatoka nzuri kwa macho. Anwani yangu na sanduku la posta juu kulia, anwani yao kushoto, kisha "YAH: MAOMBI YA NAFASI YA KAZI" kwa herufi kubwa zenye mstari chini. Ilikuwa ya Kiingereza, natafsiri: "Kwa unyenyekevu mkubwa ninaomba kuwasilisha." Mimi ni Mganda wa umri fulani, sijaolewa, ni mchapakazi, mwaminifu, ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa na chini ya shinikizo. Shule ya msingi nilisoma wapi, sekondari wapi. Ukurasa mmoja na nusu. Lugha zilikuwa kwenye aya ya mwisho kabisa, zikianza na "Aidha", na Kiswahili kimeandikwa "cha mazungumzo".

Cha mazungumzo! Kampuni inatafuta mtu wa kuandika Kiswahili kutwa, yeye ananipa cha mazungumzo.

Haya. Nikarudi nyumbani, nikafungua fomu ya maombi. Hapakuwa na mahali pa kupakia barua, kulikuwa na kisanduku tu cha kubandika maandishi. Nikabandika, nikatuma, nikalala kwa amani. Asubuhi ikaja barua pepe ya kupokea maombi, na chini yake nakala ya nilichotuma. Barua yangu iliishia hivi: "Aidha, ninazungumza lug".

Lug! Kumbe kisanduku kilikuwa na kikomo cha herufi 2,000, kimeandikwa kwa maandishi madogo ya kijivu pembeni. Ukibandika zaidi hakikuambii kitu, kinakata tu kimyakimya. Barua ya kijana ilizidi hapo. Basi Mholanzi alipata sanduku langu la posta, ndoa yangu na shule ya msingi niliyosoma. Lugha, yaani jambo la kwanza kabisa aliloliomba, hakuipata hata moja.

Nikapanda tena zile ngazi. Yule kijana hata hakuinua kichwa. "Sisi tunaandika, nyabo. Hatutumi." Nikamuuliza, tangazo ulilisoma? Nilikuachia nakala yake hapo mezani. Akasema barua za kazi ni zilezile, kinachobadilika ni jina la kampuni. Hapo hasira ikanipanda mpaka Kiganda kikanitoka, nikabaki na Kiswahili chenyewe, na safari hii hakuna aliyecheka.

Sasa niseme kitu cha haki, ingawa sitaki. Wasifu walionitengenezea ulikuwa msafi, tarehe zimepangwa vizuri, na makosa yangu ya Kiingereza wameyaondoa. Wenye kutafuta kazi ya ofisi ya wilaya au shule labda watahudumiwa sawasawa, kwa sababu huko sanduku la posta na unyenyekevu bado vina kazi yake. Tuseme nyota mbili. Lakini kwa kazi ya mtandaoni, hapana.

Fomu iliniruhusu kuondoa maombi na kutuma upya, kwa kuwa tangazo lilikuwa bado wazi. Nikakaa jikoni na laptopu, nikaandika mwenyewe. Lugha nikaziweka sentensi ya kwanza, tena sikuandika "ninaongea vizuri", maana hilo kila mtu analiandika. Nikaandika kisa kimoja. Pale mpakani dereva akisema mzigo utatoka "saa nne", mwenye mzigo aliye Ulaya akitafsiriwa neno kwa neno anasoma nne, kumbe kwa saa ya Kizungu dereva anasema kumi. Niliwahi kuona gari la kupakulia likikodiwa masaa sita kabla ya wakati kwa kosa hilo. Tangu siku hiyo kila ujumbe wangu una saa za namna mbili: "saa nne asubuhi (10:00)". Nikamwambia Mholanzi kwamba wateja wake wa Kenya na Tanzania watamwandikia hivyohivyo, na kwamba hitilafu hiyo naiona kabla haijawa malalamiko.

Kuaminika nako sikulitaja kabisa hilo neno. Nikaandika hesabu. Zamu ya tangazo ni 09:00 hadi 17:00 ya kwao. Hiyo ni 11:00 hadi 19:00 Kampala, na wao wakisogeza saa mwishoni mwa Machi inakuwa 10:00 hadi 18:00, kwa sababu sisi hatusogezi. Umeme ukikatika, ruta yangu ina betri yake ndogo. Niliichomoa ukutani siku moja na kuiacha ijizimie yenyewe, ikadumu masaa matatu na nusu. Laptopu inadumu manne. Ruta ikigoma nina simu yenye laini ya mtandao mwingine, kwa kuwa laini mbili za kampuni moja ni sawa na moja tu, mnara ukilala zote zinalala. Hayo yote hayakufika hata herufi 1,700. Safari hii nilihesabu.

Wakaniita kwenye usaili. Aliyenihoji Kiswahili alikuwa dada mmoja wa Tanzania, na kitu cha kwanza alichoniambia, baada ya salamu ndefu tu, ni, "Samahani dada yangu, mimi nilidhani Kiswahili kilifia Uganda." Ule mzaha wa zamani. Nikamjibu kwamba kiliumwa kidogo tu, kikapata nafuu Busia. Akacheka sana, na kicheko chake, sijui kwa nini, hakikuniuma.

Kisha akanipa jaribio: mteja amekatwa pesa mara mbili, ana hasira, mjibu kwa chati. Nikaanza, "Samahani sana kwa kukukata pesa mara mbili." Akanisimamisha, akauliza kwa nini sikuandika "pole sana" kama wengi. Nikamweleza kuwa pole anapewa mtu aliyefikwa na jambo, na samahani anaiomba aliyekosa. Kampuni iliyochukua pesa yako ikikuambia pole, ni kama mtu amekukanyaga halafu anakupa rambirambi. Akanyamaza, nikasikia anaandika.

Kisha Mholanzi mwenyewe akaingia na swali nililoliogopa. Alikuwa amesoma kwamba Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilizimwa siku kadhaa. Betri yako itafanya nini? Nikamwambia haitafanya kitu, na laini ya pili pia haitafanya kitu. Ninachoweza ni kupanda basi kwenda Busia, mwendo wa kilomita 200 hivi, nikavuka hadi kwa shangazi yangu upande wa Kenya. Hiyo inakula nusu siku au zaidi, kwa hiyo wiki ya uchaguzi ni bora niwe nimeshatangulia huko. Akasema wengine wote wamemwambia hakuna tatizo.

Wakanichukua. Miezi ya majaribio kwanza, lakini wakanichukua. Mkataba ukaja, wakataka niusaini kwa mkono, niuskani na kuurudisha siku ileile. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwangu na skana sina. Sehemu mbili za karibu nilikuta zimefungwa. Basi nikapanda zile ngazi, sikuwa na namna, wana jenereta wale watu.

Yule kijana akaupokea mkataba, akausoma juujuu huku ukipita kwenye mashine. Akatabasamu meno yote nje. "Eeh nyabo! Umeona? Barua yangu imekupa kazi!" Akamwita na mwenzake aje kuona.

Skani ilitoka safi, haina hata doa. Nyota mbili na nusu. Nikampa shilingi elfu mbili yake, nikasema asante kwa Kiswahili, nikashuka.