Sauti inarudi kwenye mkutano wa video? Kipi cha kununua, na kipi cha kuacha dukani

"Jamani, huku najisikia mara mbili!" Mkaguzi wetu alilisema hilo mara tatu akiwa Dodoma, na kila mara mhazini alimjibu, "Ni mtandao tu, mama, tuvumiliane." Haukuwa mtandao. Kwenye chumba cha mikutano cha chama chetu cha akiba na mikopo hapa Morogoro tulikuwa watu sita na laptopu tatu. Zote tatu zilikuwa ndani ya mkutano uleule wa Zoom, maiki wazi na spika wazi. Baada ya dakika kama kumi ukaja ule mluzi mkali, kila mtu akaziba masikio, na katibu akapendekeza tutafute spika kubwa zaidi. Ningemwachia, tungelipa hela kuongeza tatizo.

Mtandao mbovu hukatakata sauti, au huifanya ichelewe. Hauirudishi kwa mwenyewe. Sauti inayorudi inatokea chumbani, tena kwa kawaida si chumba cha anayelalamika. Ukijisikia mwenyewe, maiki ya upande wa pili ndiyo inayonasa spika ya upande wa pili. Kwa hiyo mkaguzi hakuwa na la kufanya. Wa kurekebisha tulikuwa sisi.

Zoom, Google Meet na Teams zote zina kazi ya kufuta mwangwi. Laptopu inajua sauti iliyoitoa kwenye spika yake, hivyo maiki yake ikiinasa sauti hiyo, programu inaiondoa kabla haijasafiri. Shida ni kwamba laptopu ya mhazini haijui laptopu ya katibu imetoa sauti gani wala imeitoa lini. Kwake ni sauti mpya ya mtu anayeongea, basi inaituma. Katibu akisema neno, maiki ya mhazini inalinasa, linakwenda kwenye mtandao, linatokea kwenye spika ya laptopu ya tatu, linanaswa tena. Mzunguko huo ukiwa unaikuza sauti kila unapopita badala ya kuipunguza, ndipo mnapopata mluzi.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fanyeni hivi. Laptopu moja ndiyo ibaki na sauti. Nyingine zitoeni kwenye sauti kabisa, msiishie kuzima maiki, maana laptopu iliyozimwa maiki bado spika yake inatoa sauti, na sauti hiyo inaingia kwenye maiki iliyo wazi. Kwenye Zoom bonyeza kishale kilicho kando ya alama ya maiki, chagua "Leave Computer Audio". Kwenye Meet ingia kwa "Use Companion mode". Kwenye Teams, unapojiunga, chagua "Don't use audio". Watu wataendelea kuona skrini na kuandika ujumbe kama kawaida.

Sisi tulipofanya hivyo mwangwi uliisha papo hapo, likabaki jambo moja: laptopu iko mbele ya mwenyekiti, na waliokaa mwisho wa meza hawasikiki. Hapo sasa ndipo ununuzi unapoanza kuwa na maana. Hivi ndivyo ninavyovipanga, kuanzia cha kwanza ambacho ningekununulia.

Cha kwanza: spika ya mkutano ya mezani

Ni kile kidude cha duara, ukubwa wa sahani ndogo, kinachokaa katikati ya meza. Spika na maiki vimo ndani ya ganda moja, na kazi ya kufuta mwangwi inafanywa na chombo chenyewe. Hilo ndilo unalolilipia. Aliyekitengeneza anajua spika iko umbali gani kutoka kwenye kila maiki, kwa hiyo sauti inayotoka na inayoingia haviwezi kupotezana. Majina utakayoyakuta mara nyingi ni Jabra Speak 510 na Anker PowerConf, na vyote viwili vina betri ndani. Umeme ukikatika katikati ya kikao, laptopu na spika vinaendelea. Nje huuzwa takriban dola 100 hadi 150. Hapa kwetu bei hutegemea nani kakileta.

Kiunganishe kwa waya wa USB hata kama kina Bluetooth. Bluetooth huongeza ucheleweshaji, na siku ya kikao kikubwa ndiyo siku itakayoamua kushikana na simu ya mtu aliyekaa chumba cha pili.

Usiamini sana idadi ya watu iliyoandikwa kwenye boksi. Pima mwenyewe kutoka chombo hadi mdomo wa aliye mbali. Kila umbali unapokuwa mara mbili, sauti ya moja kwa moja hushuka desibeli 6, lakini sauti inayogonga ukuta na kurudi haishuki hivyo. Ndiyo maana mtu aliye mita tatu anasikika kama yuko bafuni. Kwa uzoefu wangu, hadi mita moja na nusu ni salama. Meza yetu ina mita mbili na nusu, kidude kikikaa katikati kila mtu yumo.

Dukani usikubali kujaribishiwa kwa muziki. Chomeka kwenye laptopu yako, fungua mkutano, piga kutoka kwenye simu yako, kisha toka nje ya duka ukiwa na simu sikioni. Hesabu kwa sauti moja hadi kumi. Ukijisikia ukirudi, kirudishe. Halafu mwambie muuzaji naye ahesabu wakati wewe unahesabu. Chombo dhaifu hukata sauti ya mmoja ili kuuzuia mwangwi, utasikia "moja... tatu... sita". Chombo kizuri mtasikika wote wawili. Jaribio hili halizidi dakika mbili, na ndilo linalotofautisha kilicho halisi na kile kilichobandikwa jina tu.

Cha pili: hedfoni yenye maiki kwa kila mtu

Kwa mwangwi hakuna kinachoishinda. Sauti ya mbali inaishia sikioni, haifiki kwenye maiki, mzunguko umekatika. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya mnachofanyiana mkiwa chumba kimoja. Maiki yako inamnasa jirani yako pia, hivyo aliye mbali anamsikia mara mbili. Na wewe unamsikia jirani kwanza hewani, kisha tena kwenye hedfoni, baada ya kitambo. Baada ya nusu saa kichwa kinauma. Inafaa pale kila mtu ana laptopu yake na nidhamu ni kufungua maiki kwa zamu, mfano darasa la mafunzo.

Ukiwa na watu wawili kwenye laptopu moja, kigawanyaji cha tundu la sauti ni cha bei ndogo mno, ila angalia plagi yake. Yenye mistari mitatu ya plastiki hubeba sauti pamoja na maiki; yenye miwili ni ya kusikiliza tu. Kuna pia vigawanyaji vinavyotenganisha maiki na hedfoni badala ya kuhudumia watu wawili, na kwa macho vinafanana. Nimekosea mwenyewe, nikarudi nyumbani na ambacho si chenyewe.

Cha tatu: kamera yenye spika na maiki, ya kuweka chini ya runinga

Logitech MeetUp na Poly Studio ni za aina hii. Zinapendeza, zinaonyesha watu wote, na sauti yake haina mwangwi. Lakini maiki iko ukutani, wakati waongeaji wako mezani. Kwenye chumba kidogo ambapo watu wanne wameketi karibu na skrini, sawa. Kwenye chumba chenye vigae chini, vioo pembeni na kuta tupu, wa mwisho wa meza atasikika kwa mbali. Bei yake ni mara kadhaa ya kidude cha mezani, kwa hiyo nunua ikiwa na kamera unaihitaji kwelikweli.

Cha nne: mtambo wenye maiki za ziada

Logitech Group ndio mfano unaojulikana. Mtengenezaji anasema unatosha watu 14, na 20 ukiongeza maiki zake za pembeni. Ulitoka ukiwa karibu dola 1,000. Kwa ukumbi wa bodi wenye meza ndefu ni haki yake. Kwa watu sita ni kununua basi la kwenda sokoni. Jambo la kuangalia ni moja tu: maiki za ziada ziwe za mtambo huohuo, zichomekwe kwenye mtambo huohuo. Ukichanganya za kampuni nyingine umerudi kule kwenye laptopu tatu.

Vya kuacha dukani

Spika ya Bluetooth ya muziki, ile ya katibu. Maiki iko kwenye laptopu, spika iko mezani, na katikati kuna ucheleweshaji ambao programu hulazimika kuukisia. Wakati mwingine inakisia vizuri, wakati mwingine hapana, na ukiongeza sauti ndio basi tena. Kutoa sauti kwenye runinga kwa waya wa HDMI kuna ugonjwa uleule. Maiki ya studio ya kurekodia nayo wauzaji wanaisifu sana, lakini imeundwa kunasa kila kitu kilicho karibu, na spika yako ni mojawapo ya hivyo.

Sisi tulichukua kidude cha mezani. Siku ya kwanza mwangwi ulikuwepo palepale! Kufungua mipangilio ya Zoom, upande wa "Audio", tukakuta maiki ni ya kidude lakini spika bado ni ya laptopu. Vyote viwili vinatakiwa vitaje jina moja. Ukikuta vinataja jina moja na bado sauti inarudi, tazama kama mtu amewasha "Original sound for musicians", kwa sababu inaweza kuzima kazi ya kufuta mwangwi. Kwenye Windows kuna kisanduku kingine kwenye sifa za maiki, "Listen to this device". Kikiwa na tiki, maiki yako inatokea moja kwa moja kwenye spika yako, na hakuna chombo cha bei yoyote kitakachokuokoa.

Tulitandika pia kitambaa kizito juu ya meza ya kioo na kukisogeza kidude mbali na feni ya laptopu. Kikao kilichofuata mkaguzi alisikia kila kitu, hadi mhazini alipomnong'oneza katibu kwamba "huyu mama naye anauliza mno". Kidude kinasikia pande zote. Kina kitufe cha kuzima maiki, na kikizimwa taa inakuwa nyekundu. Siku hizi mhazini anakaa karibu nacho.