Tisheti nyeusi imepauka: ununue nini, na kipi ukiache dukani

Ukiingia dukani na tisheti ya pamba iliyogeuka kijivu, utaonyeshwa vitu vya aina nne au tano: rangi ya unga ya kutia kwa mkono, rangi ya mashine, rangi ya kuchemsha ya "vitambaa vyote", sabuni ya maji ya nguo nyeusi, na kalamu au kopo la kupulizia. Vyote vina picha ya nguo nyeusi tii kwenye pakiti. Vinavyofanya kazi ya kweli ni vichache, na hata hivyo hutegemea ugonjwa wa nguo yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, ipime kwanza.

Fua nguo, isuuze vizuri, kisha itazame ikiwa bado imelowa chapachapa, tena mwangani. Kama imerudi kuwa nyeusi kabisa, rangi bado ipo. Kinachokuonyesha kijivu ikikauka ni malaika, yaani nyuzi fupi za pamba zilizokatika kwa kusuguliwa na kusimama juu ya kitambaa. Zinatawanya mwanga, na jicho linaona vumbi. Lakini kama hata ikiwa imelowa inaonekana ya mkaa, ya kahawia au ya kijani iliyofifia, basi rangi imeondoka. Fumua kidogo pindo la chini uangalie ndani: pakiwa peusi na nje kijivu, adui ni jua na msuguano. Pakiwa kijivu pia, rangi imechujuka na maji.

Kuna kisa cha tatu, michirizi myeupe inayokwanguka kwa ukucha. Hiyo ni sabuni iliyobaki au chumvi za maji magumu. Iloweke nusu saa katika maji ya uvuguvugu yenye siki, kikombe kimoja kwa ndoo, suuza mara mbili, na huna haja ya kununua chochote. Hapo ndipo kazi ya siki inapoishia. Ushauri kwamba siki au chumvi "hufunga" rangi kwenye pamba hauna msingi, maana siki huyeyusha chokaa lakini haiikamatishi rangi ya pamba.

Nafasi ya kwanza: rangi ya unga inayotaka soda ya kufulia

Usihangaike na jina la kampuni. Geuza pakiti usome unaambiwa uongeze nini, kwa sababu maelekezo hayo ndiyo yanayokwambia umeshika rangi ya aina gani. Ikikutaka uweke chumvi na soda ya kufulia (sodiamu kaboneti), katika maji ya uvuguvugu tu, hiyo ni rangi inayoungana na uzi wa pamba kikemia. Ikishaungana haitoki kwa kufuliwa, na ndiyo sababu naiweka mbele ya zote. Baadhi ya pakiti zimeshachanganywa soda ndani, kwa hiyo soma orodha ya viambato pia.

Soda hiyo si ile ya kuumulia mikate. Ile ni baikaboneti, na haina ukali wa kutosha kuifanya pamba iipokee rangi. Magadi ya mawe nayo ni mchanganyiko wa vyote viwili pamoja na uchafu, huwezi kujua unapima nini. Nunua sodiamu kaboneti safi.

Sasa tuchukue tisheti moja ya pamba tupu yenye uzito wa gramu 200 ikiwa kavu. Ingekuwa nyeupe, weusi kamili ungetaka gramu 16 hadi 20 za rangi, maana nyeusi hula rangi nyingi kuliko kivuli kingine chochote. Kwa kuwa hii bado ina weusi wake kiasi, gramu 10 zinatosha. Maji lita 4, chumvi ya kawaida gramu 250, soda gramu 50. Pima kwa mizani. Vijiko vinadanganya, kwa sababu unga wa rangi mmoja ni mzito na mwingine mwepesi.

Kwanza fua kwa maji ya moto na sabuni, bila kilainishi, kwa kuwa mafuta ya kilainishi na nta ya dawa ya kwapa huzuia rangi na kuacha mabaka. Iache ikiwa imelowa. Vaa glavu na barakoa unapofungua pakiti, kwani unga huo ukivutwa puani unaweza kuleta mzio wa mapafu. Ukoroge na maji kidogo ya uvuguvugu hadi usione chembe, umimine kwenye beseni kubwa lenye zile lita 4 za maji na chumvi iliyokwisha kuyeyuka, halafu tumbukiza nguo. Beseni hilo, na mwiko pia, visirudi tena jikoni.

Dakika 20 za mwanzo koroga bila kuchoka. Hapo rangi inaenea tu, haijashika. Kisha vuta nguo pembeni, mimina soda uliyoiyeyusha katika maji ya moto kidogo (usiimwage juu ya nguo, itaacha doa), rudisha nguo na uendelee kuikoroga mara kwa mara kwa saa nzima. Maji yawe ya nyuzijoto 35 hadi 40, joto la kumwogesha mtoto. Yakipoa sana, rangi inashika kwa uvivu.

Watu wengi huharibu kazi kwenye kusuuza. Sehemu ya rangi huungana na maji badala ya pamba, na hiyo haitashika kamwe, lazima itolewe. Suuza kwa maji baridi mpaka chumvi na soda viishe, kisha loweka kwenye maji ya moto sana kwa dakika kumi, mwaga, rudia. Maji yatatoka meusi mara mbili tatu na utadhani rangi yote inakimbia. Endelea tu. Ukitaka kuhakikisha, tandika kitambaa cheupe kibichi juu ya nguo na upige pasi: kitambaa kikibaki cheupe, umemaliza.

Ikitoka ya zambarau au bluu iliyokolea badala ya nyeusi, mara nyingi rangi ilikuwa kidogo, kwa sababu nyeusi huchanganywa kutoka rangi kadhaa na kila moja ina kasi yake ya kushika. Ikitoka na mabaka, beseni lilikuwa dogo au mkono ulilegea. Ikitoka kama ilivyoingia, mara nyingi unga ulishakufa: aina hii huharibiwa na unyevu, kwa hiyo usinunue pakiti iliyofunguliwa wala iliyogandamana kama sukari iliyopata maji.

Nafasi ya pili: rangi ya mashine

Nyingi ni jamaa ya ile ya kwanza, ila soda imo tayari na mara nyingine chumvi pia. Unaweka, unawasha, unaondoka. Mashine hukoroga vizuri kuliko mkono wowote, na kwa suruali nzito ya jinzi ningeipendelea hii. Naiweka ya pili kwa sababu unalipia zaidi kwa kila gramu ya rangi, na huwezi kupunguza kipimo kwa nguo moja.

Tahadhari ni moja: uzito ulioandikwa kwenye pakiti ni wa nguo kavu. Ukiongeza "hii moja tu" juu yake, zote zinatoka kijivu cha wastani, na umerudi ulikoanzia ukiwa umetoa pesa.

Nafasi ya tatu: sabuni ya maji yenye kimeng'enya

Kama kipimo cha kulowesha kilikuonyesha nyeusi safi, hii inapanda hadi namba moja na zile mbili za juu huzihitaji. Tafuta kwenye orodha ya viambato kimeng'enya kiitwacho selulasi. Chenyewe hula ncha za nyuzi za pamba zilizosimama, malaika yakapungua mfuo baada ya mfuo, na weusi uliokuwa umefichwa ukaonekana. Usitegemee muujiza wa siku moja. Kwa haraka zaidi, mashine ndogo ya kunyoa nguo inafanya kazi hiyohiyo mezani. Nyoa kipande kidogo karibu na pindo kwanza. Kikionekana cheusi kuliko jirani yake, umepata jibu.

Sabuni nyingi zinazoitwa "za nguo nyeusi" hazina kimeng'enya hicho. Zinapunguza kuchujuka kuanzia leo, hazirudishi kilichokwisha kwenda. Si mbaya, ila usizinunue kama tiba.

Nafasi ya nne: rangi ya kuchemsha ya vitambaa vyote

Pakiti inayotaka chumvi peke yake na maji yanayokaribia kuchemka imechanganya rangi za pamba na rangi za sufu na nailoni. Ukiwa na pamba tupu, sehemu ya pesa yako inamwagwa na maji. Iliyobaki hukaa kwenye uzi bila kuungana nao kwa nguvu, hivyo hutoka polepole kila ukifua na kupaka nguo nyingine. Ina nafasi yake kwa nguo ya pamba iliyochanganywa na nailoni. Ukiinunua, nunua pamoja nayo dawa ya kushikisha rangi ya kampuni hiyohiyo. Bila dawa hiyo utarudia kazi baada ya muda mfupi.

Ukikuta pakiti inayotaka kostiki na haidrosalfaiti, waachie mafundi wa batiki. Rangi yake ni imara mno, lakini kostiki huunguza ngozi, na haidrosalfaiti inaweza kuila rangi iliyobaki kwenye nguo kabla mpya haijaingia.

Za mwisho: kalamu na kopo la kupulizia

Kalamu ya kitambaa inafaa kwa doa la klorini lenye ukubwa wa kucha, au ukingo wa kola uliolika. Kopo la kupulizia nisingelinunua kwa nguo ya kuvaliwa, kwani hupaka juu tu na kukifanya kitambaa kiwe kigumu. Kahawa na chai ya rangi, zinazosifiwa sana, hutia ukahawia hafifu unaoondoka.

Chochote utakachochagua, angalia lebo ya ndani kwanza. Rangi ya pamba haishiki poliesta. Nyuzi za kushonea kwa kawaida ni poliesta, na kama nazo zimepauka zitabaki kijivu juu ya kitambaa cheusi, mstari kwa mstari. Nguo ya nusu pamba nusu poliesta itaishia mkaa, hata uongeze rangi mara tatu. Na sehemu zilizopata klorini huwa zimedhoofika: zivute kwa vidole viwili kabla ya kununua rangi, na zikichanika, hakuna rangi ya kuzisaidia.